Ukuta unaolowa Kolwezi: rangi si dawa, mtoto anahitaji nyumba ikaguliwe

Mvua zinaporudi Kolwezi kuanzia Oktoba, malalamiko ya wapangaji hurudi pamoja nazo. Ukuta wa chumba cha watoto umelowa kutoka chini, rangi inabanduka, nyuma ya kitanda kumetokea madoa meusi yanayonuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo. Mtoto anakohoa usiku, kifua kinapiga mluzi, asubuhi amechoka. Mama anamwendea mwenye nyumba: “Papa, ukuta wa chumba cha watoto umeoza, na mtoto hapumui vizuri.” Jibu linajulikana kabla halijatolewa: “Mama, ninyi mnapikia ndani na mnaanika nguo ndani. Fungueni madirisha.” Akiwa mtu wa huruma kidogo, ataongeza: “Nitamtuma kijana apake rangi.”

Majibu haya mawili, kulaumu mpangaji na kupaka rangi, ndiyo yanayofanya tatizo lirudi kila mwaka. Yote mawili yanaruka hatua ya kwanza, ambayo ni kuuliza maji yanatoka wapi. Bila jibu la swali hilo, hakuna fundi anayeweza kutibu ukuta, na hakuna daktari anayeweza kumlinda mtoto anayerudi kulala pembeni ya ukuta uleule. Kinachopaswa kudaiwa Kolwezi ni ukaguzi wa nyumba wenye tarehe na maandishi, kabla ya mtu yeyote kushika brashi.

Hatari ya kuruka hatua hiyo inajulikana duniani kwa jina la mtoto mmoja wa familia ya Kiafrika. Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, aliishi katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba hiyo ilikuwa ya shirika la nyumba za kupangisha. Baba yake aliripoti kuvu ukutani mwaka 2017, kabla Awaab hajazaliwa. Aliambiwa apake rangi juu yake. Kuvu ilirudi. Mwaka 2020 mhudumu wa afya aliandika kuhusu hali ya nyumba hiyo, na mkaguzi alifika mwezi Julai akaikuta kuvu, lakini matengenezo hayakufanyika. Awaab alifariki Desemba 21, 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili.

Mwezi Novemba 2022 ofisa wa uchunguzi wa vifo, Joanne Kearsley, alitamka kwamba mtoto huyo alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosababishwa na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Katika uchunguzi huo lilijitokeza jambo ambalo msomaji wa Kolwezi atalitambua mara moja. Wafanyakazi wa shirika lile walidhani unyevu ulitokana na namna familia ilivyoishi, ikiwemo kuoga kwa maji ya ndoo. Baadaye shirika lenyewe lilikiri kwamba lilikosea kudhani hivyo. Watu walitazama ndoo, hawakuutazama ukuta.

Kolwezi si Rochdale. Huku hakuna baridi ya theluji wala mashirini makubwa ya nyumba za kupangisha. Mpangaji wa Manika au Dilala kwa kawaida ana mwenye nyumba mmoja anayemfahamu kwa sura, na mara nyingi wanaishi katika kiwanja kimoja. Lakini namna ukuta unavyolowa inafuata kanuni zilezile, na mapafu ya mtoto hayana uraia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu wana hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kifua kupiga mluzi, maambukizi ya njia ya hewa na pumu kuzidi. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha kuvu ambacho ni salama. Ulisema unyevu wa kudumu na kuvu ndani ya nyumba vizuiwe au viondolewe. Kwa hiyo hakuna haja ya mpangaji kutafuta mashine ya kuhesabu vijidudu hewani. Macho, pua na mkono juu ya ukuta vinatosha kuanzisha madai.

Ili kujua maji yanatoka wapi, chukua mfano wa nyumba ya aina inayoonekana sana katika komini ya Manika. Ina vyumba viwili na sebule, kuta za matofali ya kuchoma, na paa la mabati lisilo na mifereji ya kukusanya maji ya mvua. Matofali yamefyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, kama desturi ya Katanga yote, na yameunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Juu yake kumepigwa lipu nyembamba ya saruji na rangi. Kati ya msingi na ukuta hakukuwekwa plastiki wala lami ya kuzuia maji yasipande. Miaka inavyopita, kiwanja kimeinuka kwa kumwagiwa vifusi, barabara ya mbele nayo imeongezwa udongo, hata sasa sakafu ya nyumba iko chini kuliko uwanja. Mtoto wa miaka mitatu analala katika chumba cha nyuma, kitanda kimegusa ukuta wa nje.

Nyumba kama hiyo inaweza kupata maji kwa njia nne, na kila njia ina alama zake.

Njia ya kwanza ni ardhi. Tofali la kuchoma linanyonya maji kama mkate unaonyonya chai. Udongo wa nje ukilowa, maji yanapanda ndani ya ukuta. Doa lake huanzia sakafuni na mara nyingi haliendi juu zaidi ya mita moja hivi. Linaacha mstari wa chumvi nyeupe kama unga, na lipu ikigongwa inasikika tupu. Unga huo mweupe si kuvu. Ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini, nayo ni ushahidi mzuri kwamba maji yalipita ndani ya ukuta wenyewe.

Njia ya pili ni mvua. Bati lililotoboka kwenye msumari hutoa doa la kahawia lenye duara, juu karibu na dari, na doa hilo hukua siku ileile mvua inaponyesha. Paa lisilo na mfereji lina kosa lake pia: maji yote ya upande mmoja wa nyumba huanguka mstari mmoja chini, yanachimba ardhi na kurusha matope ukutani. Ukitazama ukuta wa nje na kuona mkanda mwekundu wa matope kwenye sehemu ya chini, umepata chanzo cha nusu ya unyevu wa ndani.

Njia ya tatu ni bomba au shimo la choo. Doa la aina hii liko mahali pamoja, halijali majira, na linabaki bichi hata Agosti wakati uwanja wote ni vumbi.

Njia ya nne ni pumzi na mvuke wa watu wenyewe. Hapa mwenye nyumba ana hoja yake. Watu watano wakilala katika chumba kilichofungwa, maji ya kuoga na ya kupikia yakitoa mvuke, mvuke huo hutafuta mahali pa baridi kabisa na kugeuka maji. Alama zake ni madoa meusi kwenye pembe za juu, nyuma ya kabati, na mahali kitanda au godoro linapogusa ukuta. Hakuna mstari wa chumvi.

Kolwezi ina kipimo kimoja cha bure, nacho ni kalenda yake. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hukatika kabisa, na usiku wa Juni na Julai katika uwanda huu wa juu ni wa baridi ya kutetemesha. Doa linaloendelea kuwa jeusi mwezi Julai, bila tone la mvua kwa wiki nyingi, haliwezi kutokana na bati lililotoboka. Huenda ni mvuke unaogandia ukuta baridi, au bomba. Doa linalonenepa Januari na kusinyaa polepole kuelekea Agosti linatoka ardhini. Doa linalokuja siku ya mvua na kukauka ndani ya wiki linatoka juu. Mpangaji anayeandika tarehe na kupiga picha mahali palepale mara moja kwa mwezi, na rula au kalamu ikiwa kando kuonyesha ukubwa, atakuwa na ushahidi kuliko mtu anayesema tu kwamba nyumba ni mbovu.

Kuna kipimo kingine chepesi cha kutenganisha maji ya ukuta na mvuke wa chumba. Kata kipande cha plastiki safi chenye ukubwa wa daftari, kikaushe, kisha kibandike juu ya doa kwa utepe pande zote nne ili hewa isipite. Kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa nyuma, uliogusana na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa mbele, unaoelekea chumbani, mvuke wa chumba una sehemu kubwa. Kipimo hiki si hukumu ya mwisho, kwa sababu nyumba moja inaweza kuwa na matatizo yote mawili. Lakini kinaondoa mabishano ya “mnapikia ndani” na kuleta jambo linaloonekana kwa macho ya pande zote.

Katika nyumba ya mfano, plastiki inalowa upande wa ukuta, mstari wa chumvi uko sentimita 80 juu ya sakafu, na nje kuna mkanda wa matope. Pembe ya juu nyuma ya kabati nayo ina madoa meusi. Jibu la haki ni kwamba ardhi na paa lisilo na mfereji ndivyo vinavyolowesha nyumba, na mvuke wa familia unaongezea. Ukuta uliolowa huwa baridi zaidi, na ukuta baridi huvuta mvuke zaidi. Ndiyo maana kumwambia mama afungue dirisha, huku maji yanaendelea kupanda kutoka chini, ni kumwambia akaushe chumba ambacho mtu mwingine anakimwagia maji.

Tiba inafuata mpangilio huohuo. Kwanza ni kuzuia maji. Mfereji wa bati unafungwa chini ya paa na maji yanapelekwa mbali na nyumba. Udongo uliorundikana ukutani unachimbwa mpaka uwanja uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, kisha unapewa mteremko wa kutoka nyumbani kwenda nje. Mtaro mdogo uliojazwa kokoto kando ya ukuta husaidia pale ambapo uwanja hauwezi kushushwa wote. Kazi hizi hazihitaji mhandisi. Zinahitaji jembe, bati, misumari na siku chache za fundi mwaminifu.

Pili ni kuondoa lipu iliyooza, kuanzia sakafuni mpaka sentimita 30 hivi juu ya mahali doa linapoishia. Lipu ngumu ya saruji juu ya tofali laini hufungia maji ndani, nayo yakikosa pa kutokea huzidi kupanda. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilizopigwa lipu mpya mwaka huu zina doa refu zaidi mwaka unaofuata.

Tatu ni kungoja, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kipimo cha kukadiria kinachotumiwa na wajenzi ni mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta. Ukuta wa sentimita 20 kwa hesabu hiyo unahitaji miezi minane, ingawa upepo mkavu wa Juni hadi Agosti na kuta zilizovuliwa lipu pande zote mbili huweza kuharakisha. Mwenye nyumba anayepaka rangi wiki mbili baada ya mvua anapaka rangi juu ya maji. Itatoka. Kwa hiyo mpango unaofaa Kolwezi ni kuzuia maji mara moja, hata ikiwa ni Desemba. Kuvua lipu mwanzoni mwa kiangazi, yaani Mei. Na kupiga lipu na rangi Septemba, kabla mvua hazijarudi. Chokaa ina nafasi yake mwishoni, kwa sababu inaruhusu ukuta kupumua. Lakini chokaa juu ya ukuta unaolowa inaficha kuvu kwa wiki chache tu.

Madoa meusi yenyewe yasikwanguliwe makavu, kwani brashi kavu hurusha vumbi la kuvu chumba kizima. Yalowanishwe kwanza, yafutwe kwa maji ya sabuni, na kitambaa kitupwe. Mtoto mwenye kifua asiwepo chumbani siku hiyo. Zhaveli hung’arisha doa la juu ya rangi, lakini kwenye lipu na tofali haiingii ndani vya kutosha, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine za kusafishia choo, kwa sababu baadhi ya michanganyiko hutoa gesi inayochoma mapafu. Wakati wote wa kungoja, kitanda cha mtoto kihame ukuta huo. Afadhali alale sebuleni palipo pakavu.

Haki inadai pia kusema kwamba si kila kikohozi cha Kolwezi kinatoka ukutani. Mji umezungukwa na machimbo ya shaba na kobalti, malori hupita katika barabara za udongo, na vumbi la kiangazi huingia hata chini ya mlango. Usiku wa baridi wa Julai, familia nyingi huingiza mbabula ndani ili kupasha chumba joto. Moshi wa makala huumiza njia ya hewa ya mtoto, na hewa yake isiyo na harufu huweza kuua watu waliolala. Mbabula itoke nje kabla ya kulala, ukuta uwe mkavu au umelowa. Mpangaji anayedai nyumba ikaguliwe ana nguvu zaidi akiwa ameshaondoa kisingizio hicho.

Dalili inayoelekeza kwenye nyumba ni mtoto kupata nafuu anapolala kwa shangazi yake siku kadhaa, kisha mluzi wa kifua kurudi usiku wa kwanza au wa pili nyumbani. Hilo nalo liandikwe na kupelekwa kwa daktari. Lakini kuna dalili ambazo hazingoji daftari wala fundi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au wa miezi 2 hadi 11 anayefikisha mara 50, anapumua haraka kupita kawaida. Ngozi ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila anapovuta hewa, au akishindwa kunywa na kunyonya, apelekwe kituo cha afya au hospitali usiku huohuo. Anaweza kuwa na nimonia au pumu kali, na vyote viwili vinatibiwa kwa dawa, si kwa kubadilisha chumba tu.

Akiwa hospitalini, mzazi aseme wazi kwamba mtoto analala kwenye chumba chenye ukuta mbichi na kuvu, na aombe jambo hilo liandikwe katika karatasi ya matibabu. Daktari hawezi kuapa kwamba ukuta ule ndio uliosababisha ugonjwa. Anaweza kuandika kwamba mtoto ana mluzi wa kifua unaorudiarudia na kwamba anashauri alale mahali pakavu. Sentensi mbili hizo zina uzito mkubwa katika meza ya komini kuliko hasira ya saa nzima.

Je, sheria inasema nini? Kanuni ya mikataba iliyopo Kongo tangu amri ya Julai 30, 1888 inamtaka mwenye nyumba akabidhi nyumba ikiwa katika hali nzuri na aitunze ili iweze kutumika kwa kazi iliyopangishiwa. Nyumba ya kuishi ni ya kuishi. Chumba ambacho mtoto hawezi kupumua ndani yake hakitimizi kazi hiyo. Sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015 kuhusu upangaji wa nyumba zisizo za biashara ilikuja kupanga uhusiano huu upya. Iliweka ukomo wa garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi mitatu, na iliwapa maofisa wa huduma ya makazi jukumu la kupatanisha mpangaji na mwenye nyumba kabla mgogoro haujafika mahakamani.

Kwa hiyo njia ipo. Mpangaji aandike barua, atengeneze nakala mbili, na nakala yake isainiwe na aliyeipokea. Haihitaji maneno makali. Inatosha kusema hivi: “Papa, katika chumba cha nyuma ukuta umelowa kuanzia sakafuni hadi sentimita 80, na kuna kuvu nyeusi. Niliona mara ya kwanza mwezi Novemba, na nilikueleza kwa mdomo mwezi huohuo. Mtoto wa miaka mitatu anayelala humo anatibiwa kifua. Karatasi ya daktari iko hapa. Ninaomba nyumba ikaguliwe ndani ya siku kumi mbele yetu sote, chanzo cha maji kiandikwe, na tukubaliane tarehe ya kazi. Picha za miezi mitatu zimeambatanishwa.” Siku hizo zikipita kimya, nakala ipelekwe huduma ya makazi ya komini pamoja na risiti za kodi. Kodi iendelee kulipwa. Anayeacha kulipa kwa hasira hugeuka mdaiwa, na kesi ya ukuta inakuwa kesi ya deni.

Barua hiyo inaonekana rahisi kuandikwa, lakini kuikabidhi kunahitaji moyo. Shaba na kobalti vimeleta watu Kolwezi kutoka Kasai, Lubumbashi na kwingineko, na nyumba zinagombaniwa. Mpangaji anajua kwamba akilalamika sana anaweza kuambiwa ahame, na mlangoni kuna mwingine mwenye garanti mkononi. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa ujasiri wa mama mmoja. Wajibu wa mwenye nyumba umeandikwa. Kinachohitajika ni tarehe na mtu wa kuja kutazama.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama ya mtoto. Sheria iliyopewa jina la Awaab, iliyoanza kutumika Oktoba 27, 2025, inawataka wenye nyumba za kijamii wachunguze hatari kubwa ya unyevu na kuvu ndani ya siku 10 za kazi tangu kuarifiwa, na kuifanya nyumba iwe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kuthibitisha hatari. Kwa hatari ya dharura, muda ni saa 24. Mpangaji anapewa matokeo kwa maandishi. Jambo jipya hapo halikuwa teknolojia. Lilikuwa hesabu ya siku.

Komini za Dilala na Manika zinaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Ofisa wa makazi akipata malalamiko yenye karatasi ya daktari, aende nyumbani ndani ya siku kumi akiwa na ofisa wa usafi wa eneo la afya. Wajaze fomu ya ukurasa mmoja: doa liko wapi na lina urefu gani, uwanja uko juu au chini ya sakafu, paa lina mfereji au halina, bomba na shimo la choo viko wapi, dirisha linafunguka au limepigiliwa misumari, nani analala humo na mbabula huwekwa wapi. Pande mbili zisaini. Mwenye nyumba aandikiwe kazi yake na tarehe zake, kuzuia maji kwanza, lipu na rangi kiangazi kikifika. Mpangaji naye aandikiwe sehemu yake. Na mpangaji asiondolewe kwa sababu tu aliomba ukaguzi.

Wenye nyumba watasema kodi ni ndogo, wapangaji hawalipi kwa wakati, na matengenezo ni ghali. Wengine wao ni wajane na wastaafu wa Gekamini wanaoishi kwa kodi hiyohiyo, na hoja yao isikilizwe. Lakini hesabu yenyewe inawatetea wapangaji. Rangi ya kila mwaka juu ya ukuta mbichi ni fedha inayotupwa, na udongo unaounganisha matofali unazidi kulegea kila msimu maji yanapopita, mpaka ukuta wenyewe unapasuka. Mfereji wa bati na siku mbili za jembe vinalinda mali ya mwenye nyumba kabla ya kulinda kifua cha mtoto. Asiyeweza kugharimia kwa mara moja anaweza kukubaliana na mpangaji, mbele ya ofisa, kwamba mpangaji anunue mfereji na gharama ikatwe kwenye kodi. Makubaliano ya namna hiyo yaandikwe, na risiti zihifadhiwe.

Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta. Kolwezi ufa hauko kwenye tofali tu. Uko kati ya siku mama anapotoa taarifa na siku mtu anapokuja kuutazama ukuta. Mvua za msimu zitanyesha kama kawaida yake. Siku ambazo mtoto atalala akisubiri, hizo komini inaweza kuzihesabu.